Barua mbili kwa benki: jinsi akaunti yangu iliyozuiwa bila taarifa ilivyofunguliwa

Siku ya Ijumaa, tarehe 24 Juni 2022, saa nne asubuhi, nilisimama mbele ya mashine ya kutolea fedha mjini Morogoro nikiwa na ankara ya hospitali mkononi. Baba yangu mdogo alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa nyonga, na tulikuwa tumebakiza kulipa shilingi 3,900,000 ili aruhusiwe kurudi nyumbani. Fedha zilikuwemo kwenye akaunti yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyechaguliwa na ukoo kuwa mweka hazina wa mchango wa matibabu. Mashine ilinirudishia kadi na kuniandikia kwamba muamala haukuweza kukamilika. Nilijaribu mara ya pili kwa kiasi kidogo cha shilingi 20,000, jibu likawa lilelile. Sikuwa nimepokea ujumbe wowote kwenye simu, wala barua, wala kupigiwa simu na mtu yeyote wa benki.

Ndani ya tawi, dada wa dirishani aliangalia skrini yake kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, akaunti yako imezuiwa kutoa. Kuingiza inaruhusiwa. Maelezo zaidi yako makao makuu." Nilimwuliza sababu, akasema hana ruhusa ya kuisema na kwamba hata kwenye skrini yake haionekani. Siku ile niliona kama ananificha jambo kwa makusudi. Baadaye nilielewa kwamba alinipa habari mbili kubwa kuliko nilivyodhani.

Ya kwanza ni kwamba zuio lilikuwa la upande mmoja: fedha zinaingia, hazitoki. Akaunti iliyolala kwa kutotumika haiwi hivyo ghafla katikati ya mwezi wenye miamala mingi, kwa hiyo sababu hiyo niliiondoa. Ya pili ni ule ukimya wenyewe. Zuio linapotokana na amri ya mahakama, au na agizo la Mamlaka ya Mapato kwa mtu anayedaiwa kodi, benki kwa kawaida humwambia mteja aende wapi, kwa kuwa yenyewe haina uwezo wa kuliondoa. Barua ya kuibembeleza benki katika hali hiyo haisaidii, na mteja hana budi kwenda mahakamani au ofisi ya kodi. Lakini zuio linapotokana na mashaka kuhusu miamala, watumishi wa benki hufunga midomo, kwa sababu Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inawakataza kumdokeza mteja kwamba taarifa yake imepelekwa kunakohusika. Mtu akilijua hilo, huacha kugombana na karani na kuanza kujiuliza swali lenye manufaa: ni kitu gani katika akaunti yangu kingemshangaza mtu asiyenijua?

Mimi sikujiuliza hivyo mapema. Jumatatu ya tarehe 27 niliwasilisha barua ya kwanza, ambayo niliiandika usiku mmoja nikiwa na uchungu. Ilikuwa na kurasa mbili. Nilieleza kwamba mimi ni mteja wa tangu mwaka 2009, kwamba mgonjwa wangu anateseka, kwamba kuzuia akaunti bila taarifa ni kumdhalilisha mteja, na kwamba nataka ifunguliwe ndani ya saa 24. Kila nilichokiandika kilikuwa kweli. Siku ya Alhamisi nilipigiwa simu na ofisa wa tawi, mama mmoja mpole, ambaye alinitaka nifike ofisini kwake. Aliiweka barua yangu mezani akaniambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri: "Mwalimu, barua yako imenieleza unavyojisikia. Makao makuu wanataka kujua fedha zimetoka wapi, ni za nani, na zinakwenda wapi. Andika hayo, kila jambo na karatasi yake."

Aliniongezea jambo moja ambalo sikuwa nalifikiria kabisa. Jalada langu lilikuwa na nakala ya kadi ya mpiga kura niliyofungulia akaunti, yenye majina mawili tu, na jina la pili lilikuwa limeandikwa pungufu kwa herufi moja. Kitambulisho changu cha taifa kina majina matatu, na jina hilohilo limeandikwa kwa ukamilifu. Kwa macho ya mtu aliyeko Dar es Salaam, ambaye hajawahi kuniona, mwenye akaunti na mwenye kitambulisho hawakuwa wazi kuwa ni mtu mmoja.

Nilinunua taarifa ya akaunti ya mwezi mzima, ikagongwa muhuri wa benki, nikakaa nayo mezani nyumbani na kalamu ya wino mwekundu. Hapo ndipo nilipoona kile walichokiona wao. Mshahara wangu baada ya makato ulikuwa shilingi 742,000, na kwa miaka mingi akaunti ile haikujua kitu kingine: mshahara unaingia tarehe 22 au 23, unatoka kidogo kidogo, mwisho wa mwezi hubaki laki moja au pungufu. Katika mwezi ule wa Juni ziliingia shilingi 11,106,000. Mshahara ulikuwemo. Mchango wa ndugu na jamaa ulifika shilingi 3,964,000 kwa miamala 58, mingi ikitoka kwenye simu za watu mbalimbali, mara nyingine miamala sita kwa siku moja. Dada yangu anayefanya kazi Muscat alituma shilingi 2,600,000. Na shilingi 3,800,000 zilitoka kwa mnunuzi wa mpunga wangu wa Ifakara, magunia 40 kwa shilingi 95,000 kila gunia. Tarehe 14 nilikuwa nimehamisha shilingi 2,500,000 kwenda hospitali. Fedha nyingi ndogo kutoka kwa watu wengi, fedha kutoka nje ya nchi, kisha kiasi kikubwa kinatoka kwa mkupuo mmoja: hivyo ndivyo pia akaunti ya tapeli inavyoonekana, na kwa kuitazama kwenye karatasi tu hakuna awezaye kuitofautisha na ya mweka hazina wa ukoo.

Barua ya pili niliiandika kwa siku tatu. Niliianza kama barua zetu za kiofisi zinavyoanza, na kichwa chake kilitaja ombi, namba ya akaunti, jina la tawi na tarehe niliyogundua zuio. Aya ya kwanza ilisema hivi:

"Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na mwenye akaunti iliyotajwa. Tarehe 24 Juni 2022 niligundua kwamba akaunti hiyo imezuiwa kutoa fedha. Kwa barua hii naeleza chanzo cha fedha zote zilizoingia kuanzia tarehe 1 hadi 24 Juni 2022, naambatisha vielelezo vyake, na naomba zuio liondolewe."

Sikuandika tena neno hata moja kuhusu kudhalilishwa. Naamini bado kwamba nilistahili taarifa, na sijabadili msimamo huo, lakini lalamiko lina mahali pake na ombi lina mahali pake. Anayepitia majalada ya namna ile ana mengine mengi yanayomsubiri, na ukichanganya mambo hayo mawili hulazimika kuitafuta hoja yako katikati ya hasira yako.

Fedha niligawa katika makundi manne yale niliyoyataja, kila kundi aya yake, na mwishoni mwa kila aya nikataja kielelezo kwa herufi. Mshahara ulikuwa rahisi: hati ya mshahara na barua ya mkuu wa shule ya kunitambulisha. Fedha za dada yangu zilihitaji zaidi ya risiti ya kutuma fedha, kwa kuwa risiti huonyesha kwamba fulani ametuma, haionyeshi kwamba ni ndugu yako wala kwamba ana uwezo wa kutuma kiasi hicho. Nilimwomba anitumie nakala ya ukurasa wa picha wa pasi yake ya kusafiria, kadi yake ya ukaazi wa Omani na barua ya mwajiri wake inayotaja kazi na mshahara. Kisha niliambatisha vyeti vyetu viwili vya kuzaliwa, chake na changu, vyenye majina ya baba na mama yaleyale. Yule mama ofisa aliniambia baadaye kwamba vyeti vile viwili vilimaliza maswali ya kundi lile.

Mpunga ulinisumbua. Kama wakulima wengi wadogo, niliuza shambani kwa maneno na mkono wa salamu; mnunuzi alipakia mzigo, akanihamishia fedha, tukaagana. Hakukuwa na mkataba wala risiti. Nilisafiri hadi Ifakara Jumamosi ile nikiwa na mkataba wangu wa kukodi shamba la ekari tatu, ulioandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na jirani. Afisa mtendaji wa kijiji aliniandikia barua yenye muhuri, akithibitisha kwamba nililima msimu huo na kwamba mzigo wa magunia 40 ulitoka pale. Mnunuzi naye aliandika karatasi fupi, akaweka sahihi, namba ya simu na nakala ya kitambulisho chake. Nilikataa kishawishi cha kuandika mkataba wa mauzo na kuurudisha nyuma kwa tarehe, ingawa mtu mmoja aliyenitakia mema alinishauri hivyo. Karatasi yenye tarehe ya uongo inaweza kugeuza tatizo la kukosa maelezo kuwa kosa la kughushi. Niliandika wazi: "Mauzo haya yalifanyika kwa makubaliano ya mdomo, vielelezo vinavyoambatishwa vimeandaliwa tarehe 2 Julai 2022 kuthibitisha mauzo hayo."

Kazi kubwa ilikuwa kwenye mchango. Nilichora jedwali lenye safu tano: tarehe, kiasi, jina lililoonekana kwenye taarifa ya benki, jina la mchangiaji halisi, na uhusiano wake na mgonjwa. Safu ya tatu na ya nne nilizitenganisha baada ya kugundua kwamba wachangiaji 11 walituma kwa laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Shangazi yangu mmoja, kwa mfano, anatumia laini ya marehemu mume wake, kwa hiyo benki iliona jina la mwanamume asiyekuwepo kwenye orodha yoyote ya kamati. Kwa kila mmoja wa hao 11 nilipata ujumbe wa simu wa kuthibitisha muamala, wenye namba ya muamala, tarehe na saa, nikauchapisha. Niliambatisha pia muhtasari wa kikao cha ukoo cha tarehe 2 Juni ulionichagua kuwa mweka hazina, wenye sahihi za wazee watatu, pamoja na ankara ya hospitali na risiti ya ile milioni mbili na nusu niliyokwisha kulipa.

Nilipofika mstari wa 41 nilikwama. Shilingi 450,000, tarehe 17 Juni, kutoka kwa jina ambalo hakuna mtu katika ukoo, shuleni wala kanisani aliyelifahamu. Wachangiaji wetu wengi walitoa kati ya shilingi 20,000 na 100,000. Siku fedha ile ilipoingia nilikuwa hospitali. Niliona ujumbe wa simu, nikamshukuru Mungu, nikadhani ni rafiki wa baba mdogo. Tangazo letu la mchango, lenye namba yangu ya akaunti, lilikuwa limesambazwa kutoka kundi moja la simu hadi jingine, hata sikuweza kujua liliishia wapi.

Usiku ule nilikaa na mstari huo kwa muda mrefu. Kulikuwa na njia ya kuuingiza kwenye jedwali kwa maneno kama "rafiki wa familia" na kuendelea mbele. Mzee mmoja wa kamati alinishauri hivyo kwa nia njema, akisema mstari mmoja kati ya 58 hautaonekana. Niliwaza kinyume chake. Ikiwa kuna mstari mmoja uliosababisha haya yote, ni huu, na anayesoma barua yangu huenda tayari anajua mwenye fedha hiyo ni nani. Nikimdanganya kwenye mstari huo, mistari mingine 57 itakuwa haina thamani tena. Nikaandika aya iliyojitegemea:

"Muamala wa tarehe 17 Juni 2022 wa shilingi 450,000 ulioorodheshwa namba 41 umetoka kwa mtu nisiyemfahamu. Nilidhani ni mchango, lakini nimeshindwa kuthibitisha. Sijautumia, na salio la akaunti linatosha kuufidia wote. Iwapo benki ina mashaka kuhusu kiasi hiki, naomba kizuiliwe peke yake hadi ukweli ujulikane, na fedha zilizobaki, ambazo nimezieleza na kuzithibitisha, ziachiliwe."

Kwa maoni yangu aya hiyo ndiyo iliyobeba barua nzima. Mteja anapoomba yote au hakuna, ofisa mwenye shaka moja hulazimika kuzuia yote. Anapopewa njia ya kuzuia kiasi chenye shaka na kuachia kingine, anapata kitu ambacho anaweza kukisaini bila kujihatarisha.

Vitambulisho nilivipanga mwisho. Nilitoa nakala ya kitambulisho cha taifa pande zote mbili kwenye karatasi moja, bila kukata kingo, namba yenye tarakimu 20 ikisomeka yote. Kwa ajili ya ile herufi moja na jina la tatu, nilikwenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo kwamba majina yaliyo kwenye kadi ya mpiga kura na yaliyo kwenye kitambulisho cha taifa ni ya mtu mmoja, ambaye ni mimi. Wakili alizigonga muhuri nakala zote baada ya kuziona halisi. Niliongeza barua ya mtendaji wa mtaa ninakoishi, kwa kuwa anwani iliyokuwa benki ilikuwa ya nyumba niliyohama miaka mingi iliyopita, nikajaza na fomu ya benki ya kuhuisha taarifa za mteja. Hati halisi sikumwachia mtu yeyote. Nilizionyesha, zikalinganishwa, nikarudi nazo.

Tarehe 4 Julai niliwasilisha mzigo wa kurasa 37 kwa nakala mbili, kila ukurasa ukiwa na namba na sahihi yangu fupi. Nakala moja ilibaki benki. Ya pili iligongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na jina la mpokeaji, nikaondoka nayo. Muhuri huo una kazi yake. Ikitokea benki ikakaa kimya, anayepeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania anatarajiwa kwanza awe ameilalamikia benki yake mwenyewe, na bila muhuri ule hana cha kuonyesha kwamba alifanya hivyo. Nilikuwa nimeiandaa barua ya kwenda Benki Kuu tayari, ila sikuitaja kwenye ombi langu, kwa kuwa sikuona faida ya kutishia watu niliowaomba wanisome kwa utulivu.

Wakati nikisubiri nilijizuia mambo mawili. Niliwaomba ndugu wasitume tena fedha yoyote kwenye akaunti ile, kwa sababu kila muamala mpya ungeongeza mstari usiokuwemo kwenye maelezo yangu. Na sikumwomba yule dada wa dirishani anifanyie wepesi wowote, ingawa tunafahamiana. Binamu yangu alikopa kwenye chama chao cha akiba na mikopo, hospitali ikalipwa sehemu, na baba mdogo akaruhusiwa siku mbili kabla ya Sabasaba kwa makubaliano ya maandishi kuhusu salio.

Nilipigiwa simu mara moja tu, tarehe 8, na mtu wa makao makuu aliyeuliza maswali mawili: kama mgonjwa ana bima ya afya, na kwa nini mchango haukupitia kwenye akaunti ya kikundi. Nilimjibu kwamba hana bima, na kwamba hatukuwa na akaunti ya kikundi kwa sababu upasuaji ulikuwa wa haraka. Hakuuliza chochote kuhusu mstari wa 41.

Jumatano ya tarehe 13 Julai, yapata saa tano, simu iliingia ujumbe kwamba akaunti iko hai. Nilikwenda tawini kuhakikisha. Yule mama ofisa aliniprintia salio kwa mistari miwili: salio lote, na salio ninaloweza kulitumia, tofauti yake ikiwa shilingi 450,000 kamili. Siku hiyohiyo nilimalizia deni la hospitali kwa kuhamisha moja kwa moja kwenda kwenye akaunti yake, nikamrudishia binamu yangu, na fedha za mpunga nikazihamishia kwenye akaunti nyingine niliyoifungua kwa ajili ya kilimo pekee.

Mwishoni mwa Agosti niliitwa tena. Niliambiwa kwamba mwenye zile shilingi 450,000 alikuwa amelalamika kuwa fedha yake ilikwenda kusikokusudiwa, na kwamba benki inahitaji idhini yangu ya maandishi ili imrudishie. Hawakunieleza zaidi ya hapo, nami sikuuliza. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliandika majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, nikaweka sahihi na dole gumba, nikaomba nakala yenye muhuri, nikaenda kuiweka kwenye jalada lilelile, nyuma ya ukurasa wa 37.